UZI: Bondi ya kawaida na bondi inayofuata bei. Bei zikipanda, nani anabeba mzigo?

1/ Juzi nilikuwa kwenye matatu nikirudi Kianjai kutoka Meru mjini. Redio ilikuwa juu, wanasiasa wawili wanabishana kuhusu deni la taifa. Mmoja anasema serikali inakula akiba ya mwananchi polepole kupitia bondi. Mwingine anamjibu kwamba hakuna mahali salama pa kuweka pesa Kenya hii kuliko bondi ya serikali. Abiria wakagawanyika pande mbili. Mimi nilinyamaza, kwa sababu niliona kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Huu uzi ni wa kuziweka hizo nusu mbili pamoja.

2/ Jambo lenyewe linanigusa nyumbani. Shangazi yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amestaafu akiwa na miaka 60. Ana shilingi 500,000 ambazo hataki kuzigusa ovyo. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, wewe unasoma mambo ya serikali. Nikifika miaka 80, hii pesa itakuwa bado ni pesa?" Hakuniuliza kama serikali italipa. Aliuliza kama itakacholipa kitanunua kitu. Hayo ni maswali mawili tofauti, na mabishano mengi ya redioni huyachanganya.

3/ Tuanze na bondi ya kawaida. Unaikopesha serikali pesa kwa miaka kadhaa. Serikali inakuahidi riba ambayo haibadiliki, inayolipwa kila miezi sita, halafu mwisho inakurudishia pesa yako ya msingi. Tuseme shangazi anapata bondi ya miaka 20 yenye riba ya asilimia 12. Kwa 500,000 atapata 60,000 kwa mwaka, yaani 30,000 mara mbili. Bondi ya miaka 10 au zaidi hukatwa kodi ya asilimia 10 kwenye riba, kwa hivyo mkononi zinabaki 54,000. Mwaka wa kwanza 54,000. Mwaka wa ishirini 54,000. Kisha 500,000 yake inarudi.

4/ Angalia ahadi hiyo vizuri. Serikali imeahidi idadi ya shilingi. Haikuahidi gorogoro ngapi za mahindi. Inaweza kutimiza ahadi yake hadi senti ya mwisho, bila kuchelewa hata siku moja, na shangazi bado akawa amerudi nyuma. Bei zikipanda kwa wastani wa asilimia 6 kila mwaka, baada ya miaka 20 kitu cha shilingi 100 leo kitakuwa karibu 320. Ile 500,000 itakayorudi itanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa kama 156,000. Zile 54,000 za mwaka wa mwisho zitakuwa na nguvu ya kama 16,800 za leo.

5/ Na hiyo ni asilimia 6, ambayo kwetu ni mwaka wa kawaida. Benki Kuu ya Kenya imewekewa lengo la asilimia 5, na nafasi ya kupanda au kushuka kwa pointi 2.5. Sasa fikiria bei zipande asilimia 10 kila mwaka kwa miaka hiyo 20. Ile 500,000 inabaki na nguvu ya kama 74,000. Hapo ndipo yule mwanasiasa wa kwanza anapata nusu yake ya ukweli. Hakuna aliyeiba chochote, mkataba umefuatwa, lakini aliyekopa amelipa deni kwa shilingi nyepesi kuliko zile alizopewa.

6/ Tusiseme ni hesabu za darasani. Mapema mwaka 2011 serikali yetu iliuza bondi ya miaka 30 iliyotajwa waziwazi kuwa ya akiba na maendeleo. Kwenye orodha inaitwa SDB1/2011/30, riba yake asilimia 12, na itaiva 2041. Wakati ilipouzwa, riba elekezi ya Benki Kuu ilikuwa haifiki hata asilimia 7, kwa hivyo asilimia 12 kwa miaka 30 ilikuwa inavutia. Kufikia Novemba mwaka huohuo mfumuko wa bei ulikuwa umefika asilimia 19.72. Ukame, mafuta ghali na shilingi iliyoanguka vilikuja kwa pamoja. Aliyenunua bondi ya akiba alikuwa anapoteza nguvu ya pesa yake kabla mwaka wa kwanza haujaisha.

7/ Pigo la pili lilimngoja aliyetaka kutoka. Benki Kuu ilipandisha riba elekezi kwa haraka, ikafika asilimia 18 Desemba 2011. Bondi mpya zikilipa zaidi, nani atanunua ya zamani ya asilimia 12 kwa bei kamili? Wanunuzi wakitaka mapato ya asilimia 16, kwa mfano, bondi ya miaka 30 inayolipa 12 inauzika kwa kama shilingi 75 kwa kila 100. Kwa hivyo ukikaa unaumwa na bei za sokoni, ukiuza unaumwa na bei ya bondi yenyewe. Kadiri bondi ilivyo ya miaka mingi, ndivyo maumivu haya yanavyokuwa makubwa.

8/ Sasa tuje kwa bondi inayofuata bei. Hapa kinachobadilika ni pesa ya msingi. Kila shirika la takwimu linapotangaza kipimo cha bei, pesa yako ya msingi inasogezwa nacho, na riba inapigwa juu ya hiyo pesa iliyosogezwa. Riba yenyewe huwa ndogo, kwa sababu haina kazi ya kukukinga na mfumuko. Hiyo kazi inafanywa na pesa ya msingi. Uingereza ilianza kuziuza 1981, Marekani 1997, Afrika Kusini 2000. Huko Afrika Kusini hata mwananchi wa kawaida ana bondi za akiba za aina hii ambazo serikali inamuuzia moja kwa moja.

9/ Tumpe shangazi bondi kama hiyo, ya kufikirika, yenye riba ya asilimia 4. Kodi tuiache kando pande zote mbili ili hesabu iwe nyepesi. Mwaka wa kwanza bei zinapanda asilimia 6. Pesa yake ya msingi inatoka 500,000 inakuwa 530,000. Riba ni asilimia 4 ya hiyo, yaani 21,200. Ukilinganisha na 60,000 za bondi ya kawaida, unaona mara moja kwa nini watu wengi wangeipita. Mkononi anapata kama theluthi moja tu.

10/ Lakini ongeza miaka. Bei zikiendelea kupanda asilimia 6, kwenye mwaka wa 20 pesa yake ya msingi ni kama milioni 1.6, na riba ya mwaka ni kama 64,000. Riba hiyo inachukua hadi mwaka wa 19 kuipita ile 60,000 ya bondi ya kawaida. Faida yake imelala kwenye pesa ya msingi, ambayo mwishoni inarudi na nguvu ileile iliyoingia nayo. Kwa hivyo bondi hii inamfaa mtu anayeogopa miaka ya mbele kuliko anayehitaji pesa ya kula mwezi huu. Mstaafu mara nyingi ni vyote viwili, na hapo ndipo ugumu ulipo.

11/ Ni ipi bora? Kuna namba moja ya kutafuta. Chukua 1.12 ugawe kwa 1.04, unapata karibu 1.077. Maana yake, bondi ya kawaida ya asilimia 12 na bondi ya kufuata bei ya asilimia 4 zinalingana kama mfumuko utakuwa wastani wa asilimia 7.7. Ukiwa chini ya hapo, ya kawaida inashinda. Ukiwa juu, ya kufuata bei inashinda. Ndiyo maana kusema "bondi za kufuata bei ni bora kwa mwananchi" bila kutaja riba zake ni maneno matupu. Bei ya kinga ndiyo inaamua kama kinga inafaa.

12/ Tujaribu miaka miwili tofauti. Mwaka mtulivu, bei zinapanda asilimia 5. Bondi ya kawaida: 500,000 na riba 60,000, jumla 560,000. Ya kufuata bei: 525,000 na riba 21,000, jumla 546,000. Ya kawaida imeshinda kwa 14,000. Sasa mwaka kama 2011, tuseme asilimia 20. Ya kawaida: 560,000 ileile, lakini kwa nguvu ya mwanzo wa mwaka ni kama 467,000. Ya kufuata bei: 600,000 na riba 24,000, jumla 624,000, ambayo ina nguvu ya 520,000. Mmoja amepoteza 33,000, mwenzake ameongeza 20,000.

13/ Ona mpangilio wa hizo namba. Miaka mitulivu bondi ya kawaida inakuzidishia kidogo kidogo. Mwaka mmoja mbaya unachukua kwa mkupuo. Ni kama bima. Usipougua unaona umelipa bure. Na ukweli lazima usemwe: kuna nyakati bondi zetu za kawaida zimelipa vizuri mno. Februari 2024 bondi ya miundombinu ya miaka minane na nusu ilitoka na riba ya asilimia 18.46, bila kodi, wakati mfumuko ulikuwa asilimia 6.3. Oktoba mwaka huo mfumuko ulishuka hadi 2.7. Mwenye hiyo bondi hakuhitaji kinga yoyote. Huyo ndiye mwanasiasa wa pili na nusu yake ya ukweli.

14/ Sasa siasa yenyewe. Kiini cha tofauti ya bondi hizi mbili ni nani anabeba mshangao. Mfumuko ambao kila mtu anautarajia tayari umo ndani ya riba, kwa sababu wakopeshaji waliudai tangu mwanzo. Ule usiotarajiwa ndio unaohamisha pesa. Kwenye bondi ya kawaida, bei zikiruka ghafla mwenye akiba anaumia na serikali inapata nafuu. Kwenye bondi ya kufuata bei, serikali ndiyo inaumia, na serikali ikiumia ni mlipa kodi. Uingereza, karibu robo ya deni la serikali ni la aina hii, na bei ziliporuka 2022 gharama ya deni iliruka nazo. Ukisikia mtu anadai bondi hizi, muulize nani atalipa mwaka ule mbaya.

15/ Kuna hoja nzuri ya upande wa pili. Serikali iliyokopa kwa bondi za kawaida peke yake ina sababu moja ya kuvumilia bei kupanda, kwa sababu deni lake linapungua uzito. Ikikopa sehemu kwa bondi za kufuata bei, njia hiyo inafungwa kwa sehemu hiyo. Na ikiwa kweli itaituliza bei, itakuwa imekopa kwa bei nafuu, kwa sababu haikulipia hofu ya wakopeshaji. Ndiyo maana wengine huona Uingereza ya 1981 kama serikali iliyoweka pesa yake mahali ilipoweka maneno yake.

16/ Lakini ahadi hii inategemea kitu kimoja: kipimo cha bei. Aliyeshika kipimo ameshika deni. Argentina ilikuwa na bondi nyingi zinazofuata bei. Mwaka 2007 serikali iliingilia shirika lake la takwimu, na mfumuko uliotangazwa ukawa chini sana ya ule watu walioona dukani. Wenye bondi walilipwa kwa kipimo kile rasmi. Mwaka 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa liliikemea Argentina hadharani kwa takwimu zake. Kwa hivyo mjadala wa bondi hizi hauwezi kutengwa na mjadala wa uhuru wa shirika la takwimu. Bondi ya kawaida haina udhaifu huu, kwa sababu asilimia 12 ni 12 hata takwimu zikisema nini.

17/ Hata kipimo kikiwa cha kweli, si lazima kiwe chako. Kwenye kapu la Shirika la Takwimu la Taifa hapa Kenya, chakula kina uzito wa karibu theluthi moja. Kwa shangazi, chakula kinachukua zaidi ya hapo. Oktoba 2022 mfumuko wa jumla ulikuwa asilimia 9.6, lakini wa chakula peke yake ulikuwa 15.8. Huo ndio mwaka pakiti ya unga wa kilo mbili ilipita shilingi 200. Bondi ya kufuata bei ingemlipa kwa 9.6, naye sokoni Kianjai anakutana na kile cha pili. Ingemkinga kuliko ya kawaida, ila si kikamilifu.

18/ Na usidhani bei ya bondi hizi haishuki. Marekani 2022, mwaka ambao bei zilipanda kuliko miaka 40 ya nyuma, bondi za kufuata bei zilianguka sokoni kwa zaidi ya asilimia 10, kwa sababu riba halisi zilipanda. Watu waliozinunua kujikinga wakashangaa. Aliyeshikilia hadi mwisho ahadi yake iko palepale. Aliyelazimika kuuza mwaka huo aliumia. Kinga ni ya mtu anayeweza kungoja.

19/ Turudi kwa shangazi. Nikifungua orodha ya bondi za kununua kupitia DhowCSD, bondi ya kufuata bei haimo. Zilizopo ni za riba isiyobadilika. Basi swali linakuwa: anaweza kuiga kazi ya bondi ile kwa mkono wake? Kiasi fulani, ndiyo. Siri ni kuelewa kwamba riba yote si faida. Bei zikipanda asilimia 6, pesa yake ya msingi inahitaji 30,000 ili ibaki na nguvu ileile. Kwa hivyo kati ya zile 54,000 anazopata mkononi, 30,000 ni mtaji wake mwenyewe unaorudi umevaa nguo ya riba. Za kula ni 24,000.

20/ Akizila zote 54,000 kila mwaka, ataishi vizuri miaka ya kwanza, halafu atafika miaka 80 na ile 156,000 tuliyoiona. Akirudisha 30,000 kila mwaka, na kiasi hicho kikikua pamoja na bei, atafika na pesa yenye nguvu kama ya leo. Bondi ya kawaida inaanzia 50,000, kwa hivyo atakusanya riba ya karibu miaka miwili kabla ya kununua nyingine, na huko kungoja anaweza kuiweka kwenye chama cha ushirika wa akiba. Bei zikipanda zaidi mwaka fulani, anarudisha zaidi na anakula kidogo.

21/ Mwigo huu una mipaka miwili, na nilimwambia. Kwanza, bondi atakayonunua baadaye huenda isilipe 12. Ikilipa 9, hesabu inabadilika. Pili, mwaka kama 2011, mfumuko ukiwa karibu 20, hata akirudisha riba yote hatoshi kuziba shimo. Hapo ndipo anapokosa bondi halisi ya kufuata bei, na hapo ndipo dai la kuitaka lina uzito. Tena asiweke zote kwenye bondi moja ya miaka 20. Akizigawa, sehemu ya miaka michache na sehemu ya miaka mingi, kila moja ikiiva anapata nafasi ya kuingia kwenye riba mpya.

22/ Nilipomaliza kueleza, alinyamaza kidogo, akasema: "Kwa hivyo wananilipa kwa pesa yangu mwenyewe, na mimi nilikuwa naiita faida." Si yote, shangazi. Karibu nusu. Lakini hiyo nusu ndiyo mwanasiasa mmoja anaificha na mwenzake anaita wizi. Mara nyingine ukisikia mtu anasifu au kulaani bondi redioni, msubiri ataje vitu viwili: riba ni ngapi, na bei zinapanda kwa kiasi gani. Akitaja kimoja tu, amekupa nusu ya hesabu.

Mwisho wa uzi.